Kuisoma picha ya ndani ya boneti: fuata mpira, usifuate rangi ya mfuniko

Assalaam alaykum wenzangu. Dada mmoja wa Fuoni kanunua IST, gari yake ya mwanzo. Kafungua boneti, kapiga picha, kaniletea na suali moja tu: "Kaka, kipi ni kipi?" Kaniruhusu niitumie hapa. Nimeandika namba 1 mpaka 6 juu ya picha, ifungueni muwe mnaitazama huku mnasoma.

Kwanza, jua umesimama wapi

Aliyepiga kasimama mbele ya gari na anaitazama. Kwa hivyo kushoto kwa picha ndiyo kulia kwa gari, upande wa dereva. Wengi hupotea hapa. Fundi anawaambia kwa simu "tazama upande wa dereva", wao wanatafuta kulia kwa picha.

Namba 1: kikopo cha oili ya breki

Kiko nyuma kabisa, upande wa dereva. Ni kikopo kidogo cha plastiki kilichokaa juu ya chuma, na nyuma ya hicho chuma kuna duara kubwa jeusi mfano wa sufuria iliyolazwa ubavu. Ukiliona duara hilo umefika kwenye breki. Mfuniko wake usiufungue bila ya sababu, maana oili ya breki hunyonya unyevu wa hewani, na hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi. Kiwango kinaonekana kwa nje.

Namba 2 na 3: madumu mawili yanayofanana

Hapa ndipo nitakapokaa zaidi, kwa sababu makosa mengi ya wenye gari mpya hutokea hapa.

Yote mawili ni ya plastiki nyeupe, yote yana maji, na yote yako mbele. Msiyatambue kwa rangi ya mfuniko. Gari hizi zinakuja zimeshatumika, na mfuniko uliopo huenda si ule uliotoka nao kiwandani. Fuateni mpira. Namba 2 ina mpira mwembamba unaokwenda mpaka shingoni mwa rejeta, chini kidogo ya mfuniko namba 4. Hilo ndilo dumu la akiba la kulanti, maji ya kupoza injini, na ubavuni lina mistari miwili, wa juu na wa chini. Mpira wa namba 3 hauendi kwenye rejeta. Unapanda kuelekea kioo cha mbele. Hilo ni dumu la maji ya kuoshea kioo, na kosa likitokea hapo halina madhara makubwa.

Dada wa Fuoni alikuwa keshamimina maji ya sabuni kwenye namba 2. Nikamuuliza jambo moja: umeiwasha gari baada ya hapo? Akasema hajaiwasha, kamimina asubuhi injini ikiwa baridi. Jibu hilo ndilo lililomwokoa. Injini ikipata moto, kulanti hutanuka na ziada husukumwa kwenye dumu la akiba. Injini ikipoa, rejeta hunyonya ile ziada na kuirudisha. Kama gari haijawashwa ikapata moto kisha ikapoa, sabuni bado imo dumuni tu. Basi alilichomoa dumu, akalimwaga, akalisuuza mpaka povu likaisha, akatia kulanti mpya mpaka mstari wa juu. Angeshazunguka nayo mjini na kurudi, ingebidi kumwaga rejeta yote na kuisafisha. Ukiona povu ndani ya namba 2, au maji yanafurika kwenye dumu na wewe hukuongeza kitu, simamisha gari uangalie.

Namba 4: mfuniko wa rejeta

Huu usiuguse injini ikiwa moto, hata kwa kitambaa. Ndani yake mna springi inayoshikilia presha. Mifuniko mingi ya Toyota imeandikwa 1.1 juu yake, na kwa presha hiyo maji hayachemki kwa nyuzi 100 bali karibu na 120. Ukifungua, presha inaondoka ghafla, na maji yaliyokuwa yametulia yanageuka mvuke hapo hapo mbele ya uso wako. Subiri saa nzima au zaidi, kisha ubonye mpira mkubwa wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu au bado una moto, ngoja zaidi.

Namba 5: dipstiki

Ni kile kipete cha njano kwenye injini. Egesha pahala palipo sawa, zima gari, subiri dakika tano. Ichomoe, ifute, irudishe mpaka mwisho, kisha uichomoe tena na usome. Mchomo wa mwanzo haufai kusomwa kwa sababu oili imejipaka juu juu njiani. Oili iwe baina ya alama mbili. Ikipungua, usimimine kwenye tundu la dipstiki. Mimina kwenye mfuniko ulio juu ya injini wenye picha ya birika la oili, kidogo kidogo, na upime kila mara.

Namba 6: vichwa vya betri

Chenye alama ya + aghalabu kina kifuniko chekundu. Chenye alama ya − kina waya unaokwenda kwenye bodi ya gari. Hapa tena, ukiwa na shaka fuata waya.

Masuali ya wanachama

*Mwanachama, Wete:* Kaka, vichwa vya betri yangu vina unga mweupe wa kijanikijani. Nivioshe kwa maji ya moto?

Maji peke yake hayatoshi, kwa sababu unga ule unatokana na tindikali ya betri. Zima gari, chukua spana namba 10, fungua − kwanza. Ukianza na + na spana ikagusa bodi, itapiga cheche, kwa kuwa bodi yote imeungwa na −. Koroga kijiko cha bekingi soda kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, sugua kwa mswaki wa zamani mpaka povu litulie, kausha, paka mafuta ya mgando. Kufunga, anza na + umalizie −. Angalia mchanganyiko usiingie ndani ya betri.

*Mwanachama, Jambiani:* Namba 2 naongeza maji ya kisima, mbona fundi ananikataza?

Fundi wako yuko sawa. Visima vyetu vinatoa maji yaliyopita kwenye jiwe la matumbawe, yana chokaa. Tazama ndani ya birika lako la chai, ukoko ule mweupe ndio unaojijenga kwenye vinjia vyembamba vya rejeta. Tumia kulanti, au maji yaliyotolewa madini.

*Mwanachama, Chake Chake:* Mimi naona dipstiki mbili. Nisome ipi?

Gari nyingi za gia otomatiki ndivyo zilivyo. Fuata bomba lake. Moja inaingia kwenye injini, ya pili inashuka kwenye gia boksi. Ukifuta kwa kitambaa cheupe na oili ikawa nyekundu, hiyo ni ya gia. Ya gia kwa Toyota hupimwa injini ikiwa moto na inaunguruma, kwa hivyo usiisome kwa utaratibu wa namba 5.

*Mwanachama, Mwanakwerekwe:* Mwanangu katia oili ya injini namba 1, kidogo tu. Niende nayo gereji?

Usiiendeshe kabisa. Oili ya injini huvimbisha mipira ya breki, na breki zinaweza kung'ang'ania au kukosa kushika. Usiikanyage hata pedali. Mwite fundi aje hapo ilipo, na umwambie ukweli wote, ni oili gani na kiasi gani.