SOMO: Ulipunguzwa kazi au kampuni ilifungwa? Kwenye CV unatosha mstari mmoja

Wakuu, swali la jinsi ya kuandika kwenye CV kazi iliyokoma hivyo nimelijibu hadi kwenye uzi wa kuuza pikipiki. Naliandika hapa mara moja, kesho akiuliza mtu namtumia kiungo.

Mifano yote ni ya Kiswahili. Ikiwa CV yako ni ya Kiingereza, mpangilio ni uleule, ila neno la kilichotokea lichukue kwenye barua uliyopewa kazini. Usitafsiri mwenyewe.

Hatua ya 1. Amua kama mstari unahitajika.
Ulikaa miaka sita, ukapata kazi nyingine mwezi uliofuata? Huuhitaji. Kazi hiyo ni ya tatu au ya nne kurudi nyuma? Huuhitaji. Unauhitaji pale ambapo msomaji akiangalia tarehe atajiuliza: mbona alikaa miezi tisa tu, au mbona baada ya hapo kuna pengo?

Hatua ya 2. Tarehe.
Hapa ndipo watu wengi wanapoharibu, kuliko hata kwenye maneno. Kosa la kwanza ni kuacha "hadi sasa" kwenye kazi iliyokwisha miezi minne iliyopita. Mtu anaona haidhuru, kwa kuwa CV ni ileile ya zamani. Afisa utumishi anapiga simu kiwandani, anajibiwa na mlinzi kwamba pale kumefungwa tangu Februari. Kufungwa kwa kiwanda hakukuwa na tatizo lolote, lakini sasa una tatizo la uongo.

Kosa la pili ni mwezi wa kuishia. Andika mwezi ambao ajira ilikoma kwa mujibu wa barua, na usiufuate mshahara wa mwisho kuingia benki. Tuseme umelipwa mshahara wa mwezi mmoja badala ya kutumikia notisi, na barua inasema ajira inakoma tarehe 31 Januari. CV yako inaishia Januari, hata kama pesa iliingia Februari. Ukitumikia notisi hadi tarehe 29 Februari, inaishia Februari. Kabla hujatuma chochote, weka mezani vitu vitatu: barua, cheti cha utumishi na taarifa yako ya michango ya NSSF. Miezi ikipishana, tafuta kwanza sababu. Mara nyingi ni mwajiri aliyechelewesha michango, na hilo unaweza kulieleza ukiulizwa. Usirekebishe CV ifanane na michango huku barua inasema vingine.

Hatua ya 3. Andika mstari wenyewe.
Kiima cha sentensi kiwe kampuni, kiwanda, tawi, idara au nafasi, kisiwe wewe. "Nilipunguzwa" inamfanya msomaji akuangalie wewe na kujiuliza kwa nini wewe. "Nafasi ilifutwa" inamwelekeza kwenye tukio. Ndani ya mstari weka mambo mawili: kilichotokea na mwezi. La tatu, ukubwa wa tukio, liongeze ikiwa tu limeandikwa kwenye barua au linajulikana hadharani.

Angalia maneno. "Kuachishwa kazi" kunabeba hata aliyeachishwa kwa utovu wa nidhamu, kwa hiyo liepuke kama siyo lililotokea. "Kupunguzwa kwa wafanyakazi" kunasema jambo moja tu. Barua nyingi za Tanzania hutaja "mahitaji ya kiutendaji", maneno yanayotokana na kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ukiyatumia, CV na barua zitasema lugha moja.

Usiandike "bila kosa langu", maana hakuna aliyekushtaki. Usiandike "kutokana na uongozi mbovu" wala "kampuni ilishindwa kulipa madeni", hata kama ni kweli. Msomaji atajiuliza utasema nini juu yake siku ukiondoka.

Hatua ya 4. Mahali pa kuuweka.
Mwisho wa maelezo ya kazi hiyohiyo, baada ya majukumu, maandishi ya kawaida. Usiukoleze wino, wala usiupandishe juu kwenye utangulizi wa CV.

Hatua ya 5. Fomu ya maombi ikiuliza "sababu ya kuacha kazi", nakili mstari uleule.

Mfano. Mtunza stoo wa kiwanda cha vifungashio Dar aliandika hivi:

*Mtunza Stoo, Juni 2022 hadi sasa. Nilikuwa nasimamia stoo. Kwa bahati mbaya kampuni ilianza kuyumba kifedha na sisi wafanyakazi tuliachishwa kazi bila kosa lolote.*

Barua yake ilionyesha notisi ya Januari 2024 na siku ya mwisho tarehe 29 Februari. Ikawa hivi:

*Mtunza Stoo, Juni 2022 – Februari 2024*
*Kupokea malighafi na kulinganisha na hati za mzigo. Kuhesabu stoo kila mwisho wa mwezi. Kuandaa kadi za stoo za bidhaa 140.*
*Kiwanda kilifungwa Februari 2024. Ajira zote zilikoma.*

Maneno saba. Nafasi iliyobaki imekwenda kwenye kazi aliyofanya, ambayo mwanzoni ilikuwa na maneno matatu tu.

Maswali hapa chini. Someni kwanza.

———

Kijana wa Mabibo: Mkuu, vipi nikiacha "hadi sasa" mpaka nipate kazi nyingine?

Mwandishi: Hatua ya 2.

Kijana wa Mabibo: Nimeisoma, ila jamaa yangu alifanya hivyo akapata kazi.

Mwandishi: Basi muulize jamaa yako.

Dada Rehema: Shikamoo kaka. Sisi tulikuwa sitini, tukapunguzwa watatu. Nikiandika "kupunguzwa kwa wafanyakazi" si wataona sisi watatu ndio tulikuwa wabovu?

Mwandishi: Marahaba dada, hilo ni swali zuri. Idadi usiitaje kabisa, kwa sababu watatu kati ya sitini kunasikika kama mchujo. Tafuta kilichowaunganisha ninyi watatu. Mlikuwa kitengo kimoja? Mliajiriwa mwisho? Kazi yenu ilihamishiwa makao makuu?

Dada Rehema: Wote tulikuwa malipo ya wateja wa mikoani. Kazi hiyo sasa inafanywa Dar.

Mwandishi: Mstari wako basi: "Kazi za malipo ya mikoani zilihamishiwa makao makuu; nafasi ilifutwa Agosti 2023." Sasa msomaji anaona mabadiliko ya kampuni. Kama mngechaguliwa kwa kigezo cha aliyeingia mwisho, ungetosha kuandika "Nafasi ilifutwa katika kupunguzwa kwa wafanyakazi", kisha hicho kigezo ukakiweka akiba kwa ajili ya usaili. Wakiuliza, unajibu kwa sentensi moja na kunyamaza. Watu huharibu pale wanapoendelea kuongea baada ya jibu kuisha.

Otieno wa Kisumu: Salama ndugu. Nilikuwa keshia Nakumatt, tawi letu lilifungwa kabla kampuni yenyewe haijawekwa chini ya msimamizi Januari 2018. Niandike kampuni ilifungwa?

Mwandishi: Andika kilichoipata nafasi yako: "Tawi lilifungwa", na mwezi wake. Ukiandika kampuni ilifungwa huku tarehe yako ni ya 2017, anayekumbuka habari zile ataona hesabu haikai. Na kwa Kenya neno la barua huenda likafuata kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007, chenyewe kinahusu nafasi kutohitajika tena. Cheti chako cha utumishi kipo kifungu cha 51 cha sheria hiyohiyo.

Mama Kelvin: Mimi nilikuwa kwenye benki ambayo BoT iliifutia leseni. Kutaja BoT ni vibaya?

Mwandishi: Hapana. Sababu ya nje iliyotangazwa hadharani inatajika, maana mtu yeyote anaweza kuihakiki. Benki tano zilifutiwa leseni Januari 2018, FBME ilifutiwa Mei 2017. "Benki ilifutiwa leseni na BoT, Januari 2018" inatosha. Kadhalika waliokuwa viwanda vya mifuko ya plastiki: "Uzalishaji ulisitishwa kufuatia katazo la mifuko ya plastiki, Juni 2019." Sababu ya ndani ndiyo ya kuacha.

Mama Kelvin: Asante. Na wadhamini? Namba za benki hazipatikani tena.

Mwandishi: Usiweke simu ya ofisi iliyokufa. Mweke aliyekuwa mkuu wako kwa namba yake ya sasa, baada ya kumwomba ruhusa, na cheo kiandikwe "aliyekuwa Meneja wa Tawi". Kama sasa yuko kwingine, taja na kazi yake ya sasa ili mpigaji asishangae anapopokewa. Akihitajika mtu wa kuthibitisha kumbukumbu, kampuni iliyofilisiwa ina mfilisi. Kwa benki zile tano mfilisi ni Bodi ya Bima ya Amana.

Mzee wa Fursa: Nilifukuzwa Machi kwa upotevu wa mzigo. Kampuni ikafungwa Juni. Naandika ilifungwa, nani atajua?

Mwandishi: Tarehe zako. Machi siyo Juni.

Mzee wa Fursa: Nasogeza iwe Juni.

Mwandishi: Somo hili si lako, mkuu. Acha tarehe ya kweli, usiweke mstari wowote, na jiandae kulijibu swali kwenye usaili.

Neema K: Mkataba wangu wa mwaka mmoja uliisha, hawakuuhuisha. Naweka kupunguzwa?

Mwandishi: Huko siko kupunguzwa. Andika "Mkataba wa mwaka mmoja" pembeni ya cheo, basi. Hata mstari wa mwisho huuhitaji, kwani tarehe zitajieleza.

Juma Stoo 3: Mwajiri alitufungia geti, hatukupewa barua wala cheti. Naandikaje?

Mwandishi: Mstari ni uleule, kwa mwezi mliofungiwa. Lakini cheti kidai: kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamtaka mwajiri akupe cheti hicho ajira inapokoma. Akigoma, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA, mapema. Madai ya kuachishwa isivyo halali yana siku 30, mengine 60; ukichelewa utalazimika kwanza kuomba kusamehewa kuchelewa. Huku ukisubiri, hifadhi kitambulisho cha kazi, hati za mshahara na taarifa ya NSSF.

Dada Rehema: Nyongeza kwa Juma: hati za mshahara zipige picha sasa hivi. Zile za karatasi ya mashine ya risiti zinafifia, zangu za 2021 hazisomeki.

Mwandishi: Kweli kabisa. Na pigeni mchana karibu na dirisha, bila mwanga wa simu. Ule unaacha doa jeupe hasa pale penye muhuri.

Otieno wa Kisumu: Cheti nikiambatishe pamoja na CV au nisubiri waombe?

Mwandishi: Subiri waombe, isipokuwa tangazo limetaka. Kiweke kwenye faili lake la PDF, tayari. Mtu akikuomba Ijumaa saa kumi, umtumie saa kumi hiyohiyo.