Jinsi ya kuomba punguzo la riba unapomaliza mkopo mapema, na namna ya kuikagua kanuni ya 78

Mvuvi mmoja wa dagaa kutoka Igombe alikopa shilingi 6,000,000 akanunua mashine ya boti. Mkataba ulikuwa wa miezi 24, riba asilimia 2 kwa mwezi, ikihesabiwa juu ya mkopo wote tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Riba yote ikawa 2,880,000, na rejesho la kila mwezi 370,000. Vipindi kadhaa vya giza la mwezi vikamwendea vizuri, soko la Mwaloni Kirumba wakamlipa bei nzuri, na baada ya rejesho la 9 akataka kuufunga mkopo. Yalikuwa yamebaki marejesho 15, yaani 5,550,000. Alinifuata kwa sababu nimekaa dawati la mikopo hapa Mwanza kwa miaka mingi, akiwa tayari na hesabu yake: miezi 15 kati ya 24 hatakaa na pesa ya watu, kwa hiyo arudishiwe 15 kwa 24 ya riba, sawa na 1,800,000.

Hesabu hiyo usiende nayo ofisini, watakuangusha nayo mara moja. Miezi ya mwanzo deni ni kubwa, kwa hiyo riba yake nayo ni kubwa, hata kwa mkopeshaji mwadilifu kabisa. Kinachogombewa ni kitu kingine: ni kubwa kiasi gani.

Anza na mkataba. Tafuta kipengele cha kulipa kabla ya muda, kisha uangalie kama kimetaja namba 78 au maneno "jumla ya tarakimu", majina ya kanuni inayorundika riba zaidi kwenye miezi ya mwanzo. Kama kinasema hakuna punguzo lolote, unaombea hisani, na barua yako lazima iandikwe hivyo. Kama hakisemi njia ya hesabu, hapo una nafasi ya kuomba hesabu ya salio linalopungua, yaani riba ihesabiwe kila mwezi juu ya deni lililobaki tu. Kikiitaja kanuni ya 78, umeshaisaini, lakini bado una haki ya kuhakikisha imepigwa sawasawa, na hakuna kinachokuzuia kuomba nafuu.

Kanuni yenyewe ni nyepesi. Kwa mkopo wa mwaka unajumlisha 12, 11, 10 hadi 1, unapata 78, na ndiko jina lilikotoka. Mwezi wa kwanza unabeba sehemu 12 kati ya 78 za riba yote, wa pili 11, wa mwisho 1. Kwa miezi 24 jumla ni 300, na mwezi wa kwanza unabeba sehemu 24. Punguzo lako ni sehemu za miezi iliyobaki:

```
punguzo = riba yote x k x (k + 1) / (n x (n + 1))
```

Hapo n ni miezi yote ya mkopo na k ni miezi iliyobaki. Kwa mvuvi wetu, 15 mara 16 ni 240, na 24 mara 25 ni 600. Anapata asilimia 40 ya 2,880,000, yaani 1,152,000, na ya kumalizia mkopo ni 4,398,000.

Sasa piga hesabu ya salio linalopungua kwa mkopo uleule. Ukiwa na jedwali la hesabu kwenye simu, andika hivi:

```
=PV(RATE(24,-370000,6000000),15,-370000)
```

RATE inatafuta riba halisi ya mwezi, nayo ni kama asilimia 3.4, si 2, kwa kuwa asilimia 2 ilikuwa ikitozwa hata kwenye pesa uliyokwisha kuirudisha. PV inakupa deni halisi lililobaki: kama 4,290,000. Punguzo hapa linakuwa kama 1,260,000. Tofauti ni takriban 108,000.

Inatoka wapi? Kanuni ya 78 inajifanya kana kwamba deni hushuka kwa ngazi 24 zinazolingana, za 250,000 kila mwezi. Lakini rejesho la kwanza la 370,000 linaliwa na riba ya karibu 204,000, likapunguza deni kwa 166,000 tu. Deni halisi hushuka polepole mwanzoni, halafu mwishoni linaporomoka. Maana yake riba halisi nayo imetandazwa zaidi kuelekea katikati na mwisho wa mkopo. Kanuni inaigawa riba ileile ya 2,880,000 kwa ngazi zake zilizonyooka, kwa hiyo mwezi wa kwanza inachukua 230,400, zaidi kwa 26,000 kuliko inavyostahili. Mwezi wa pili inazidisha tena, na wa tatu. Kufikia mwezi wa 9 hesabu mbili zinakutana kwa riba ya mwezi huo, kama 153,600 kila upande, na baada ya hapo kanuni inachukua kidogo kuliko ile nyingine.

Anayelipa hadi mwezi wa 24 hapotezi hata senti, kwani jumla ni moja. Anayeumia ni yule anayetoka njiani, na kwa mkopo huu anaumia zaidi akitoka palepale mwezi wa 9. Angesubiri hadi yabaki marejesho 4, tofauti ingekuwa kama 22,000. Si sababu ya kusubiri, maana kila mwezi anaokaa anailipa riba yenyewe. Ila mkopo ukiwa mrefu zaidi au riba ikiwa kali zaidi, pengo hupanuka. Kwa mkopo wa miezi 6 wala usipoteze nauli.

Ukishajua namba zako, andika barua, usiridhike na jibu la mdomo la afisa mikopo:

"Naomba taarifa ya kumaliza mkopo wangu namba …, kwa tarehe …, mara baada ya rejesho la 9. Naomba ioneshe marejesho yaliyobaki, punguzo la riba na njia iliyotumika kulikokotoa, pamoja na ada yoyote. Endapo imetumika kanuni ya 78, naomba mfikirie kulikokotoa punguzo kwa salio linalopungua, au kuniondolea ada ya kumaliza mapema."

Tarehe usiiache. Wakopeshaji wengi huhesabu mwezi ulioanza kama mwezi mzima, kwa hiyo omba tarehe inayofuata rejesho, si wiki mbili baadaye. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa.

Jibu likija, kagua k kwanza. Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuandika miezi 14 badala ya 15. Kwa mkopo huu punguzo lingeshuka hadi 1,008,000, yaani 144,000 zimepotea, kubwa kuliko tofauti ya kanuni zenyewe.

Ukikataliwa bila maelezo, malalamiko ya maandishi yaanzie kwa mkopeshaji mwenyewe. Yasipotatuliwa, ya benki na kampuni za mikopo yapeleke Benki Kuu, yenye tawi hapa Mwanza, na ya SACCOS kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika. Unaweza kutaja kwamba Marekani, kwa sheria ya 1992, imeikataza kanuni hii kwa mikopo inayozidi miezi 61, na kwamba Uingereza iliiacha ikachukua hesabu ya salio linalopungua kwa kanuni zilizoanza 2005. Itaje kama hoja ya haki tu, maana hizo si sheria za Tanzania.

Pesa iingie kwenye akaunti ya mkopo, kamwe si mkononi mwa afisa. Siku hiyohiyo omba barua ya kumaliza deni yenye salio sifuri, hati ya mashine au dhamana yoyote uliyoweka, na maandishi kwamba mdhamini wako ameachiwa.