Kabla ya Kuvuka Mpaka: Ujumbe wa Kumwandalia Mkufunzi Ukikwama

Kama mafunzo yako yako upande wa pili wa mpaka, andika ujumbe wa kuomba radhi ukiwa bado nyumbani. Foleni ikishakukwamisha, unaandika kwa kidole kimoja huku umeshika pasi na begi, na ndipo watu huandika "niko njiani" wakati gari halijasogea.

Anza na namba ya mkufunzi. Ihifadhi ikiwa na alama ya kujumlisha na msimbo wa nchi, maana namba inayoanza na sifuri inaweza kukataa kupokelewa laini yako ikishahamia mtandao wa ng'ambo. Iandike na kwenye karatasi. Mpakani simu hurukaruka kati ya minara ya nchi mbili, bando likakatika, na ujumbe ukabaki na alama ya saa bila hata tiki moja. Ukiona hivyo, tuma ujumbe mfupi wa kawaida, kwa kuwa huo hauhitaji bando. Kwa hiyo bakiza salio.

Jambo la pili ndilo watu wengi hulikosea: kujua mapema saa ambayo ikipita, lazima utume. Tuseme kipindi kinaanza saa 3:00 asubuhi, na kutoka mpakani hadi darasani ni mwendo wa saa moja na nusu. Ina maana saa 1:30 uwe umeshamaliza kila kitu na gari linaondoka. Umeingia kwenye foleni saa 11:00 alfajiri, na kufikia saa 12:00 bado una watu kama 80 mbele yako. Wahesabu wanaohudumiwa kwa dakika kumi. Wakiwa wanane, hao 80 watachukua dakika 100, yaani hadi karibu saa 1:40, na huo ni muhuri wa kutoka tu. Bado dirisha la kuingia, bado forodha na mizigo. Kama umepanda basi, hata ukiwa wa kwanza kugongewa utamngoja abiria wa mwisho. Basi saa 12:10 jibu unalo tayari, na mkufunzi akipata ujumbe karibu saa tatu kabla ya kipindi anaweza kupanga upya vikundi. Akiupata saa 2:55, hana la kufanya.

Kama nchi hizo mbili zina saa tofauti, fanya hesabu yote kwa saa ya darasani, na usiiamini saa ya simu inayojibadilisha yenyewe kila inaponasa mnara mwingine.

Ujumbe wenyewe uwe na mambo manne: wewe ni nani na uko kundi gani, umefikia hatua gani mpakani, utakosa nini, na unaomba nini. Kwa mtu anayesomea huduma ya kwanza, ungekuwa hivi:

"Habari za asubuhi, Mwalimu. Ni mimi (jina), kundi la pili, huduma ya kwanza. Niko mpakani tangu saa 11:00 alfajiri. Sijagongewa muhuri wa kutoka, na mbele yangu kuna watu kama 80. Sitawahi mwanzo wa kipindi cha saa 3:00, huenda nikakikosa chote. Naomba kujua kama naweza kufanya zoezi la kukandamiza kifua pamoja na kundi jingine. Nitakuandikia nikishavuka. Naomba radhi kwa usumbufu."

Angalia kwamba haukutaja saa ya kufika, kwa sababu mwandishi haijui. Ahadi ya "nusu saa tu" ikivunjika mara mbili, na ile foleni ya kweli huanza kutiliwa shaka. Ombi nalo limelenga zoezi, si maandishi ya somo. Maelezo utayasoma baadaye kwa mwenzako, lakini kukandamiza kifua cha sanamu huku mkufunzi anakurekebisha mikono hakupatikani kwenye daftari. Nyumbani, acha wazi sehemu mbili tu za kujaza, yaani saa na hatua uliyofikia.

Kuhusu ushahidi, soma kwanza masharti ya mahudhurio, kwani mafunzo mengine hayatoi cheti bila kipindi fulani cha vitendo. Tunza tiketi yenye saa ya kuondoka, maana muhuri wa pasi kwa kawaida huonyesha tarehe bila saa. Tafadhali usipige picha foleni ili kujithibitisha. Mipaka mingi inakataza, na simu inaweza kuchukuliwa kabla hujatuma chochote.

Ukishavuka, andika tena, mstari mmoja unatosha: "Nimevuka saa 2:40, sasa niko barabarani." Hapo ndipo unaweza kukadiria saa ya kufika, kwa kuwa kilichobaki ni barabara unayoijua.