Muhula mzima umekupita? Panga mada kwa gharama, kisha azima madesa

Somo hili ni la aliyekosa vipindi karibu muhula mzima, si la aliyekosa wiki mbili. Huku kwetu Mtwara sababu zinajulikana: kuna aliyekuwa hospitali ya Ligula anauguza mzazi, kuna aliyekwama Tandahimba kwa sababu msimu wa korosho umeangukia palepale vyuo vinapofungua, kuna aliyesubiri ada hadi minada ilipe. Sasa amerudi, mtihani uko mlangoni, na kitu cha kwanza anachofanya ni kwenda stesheneri na kaunta buku la rafiki ili atoe kopi kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Anarudi geto na bunda la karatasi, anaanza mada ya kwanza, na mtihani unamkuta mada ya nne.

Nitatumia mfano wa binti mmoja wa mwaka wa kwanza hapa Mtwara mjini, kozi ya utangulizi wa takwimu. Aliporudi alikuwa amebakiwa na muda ambao, akigawa kwa kozi zake zote, takwimu ilipata saa kama 25. Basi hesabu zote hapa chini ni za hizo saa 25.

Hatua ya kwanza: ofisini kabla ya madesa

Nenda kwa mwalimu wa kozi au mkuu wa idara ukiwa na vielelezo: barua ya hospitali, barua ya serikali ya mtaa, chochote chenye muhuri. Vyuo vingi vina sharti la mahudhurio, mara nyingi asilimia 75, na testi uliyokosa bila taarifa inaweza kuandikwa sifuri. Omba testi maalumu kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Ukiacha hili mwisho, unaweza kusoma vizuri kabisa halafu jina lako lisiwemo kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuingia mtihanini.

Hatua ya pili: orodha ya mada na sura ya mtihani

Kwa kiongozi wa darasa chukua vitu viwili tu: mwongozo wa kozi, ule mwalimu aliougawa siku ya kwanza, na pastipepa za miaka mitatu minne. Muulize pia mwalimu ameishia wapi, kwa sababu mwongozo unaweza kuwa na mada tisa na darasani zikafundishwa nane.

Kabla hujahesabu maswali, soma maelekezo ya juu ya karatasi. Kwa binti wetu sehemu A ilikuwa maswali mafupi ya lazima, alama 40. Sehemu B ilikuwa na maswali matano, unachagua matatu, kila moja alama 20. Maana yake hakulazimika kujua kila kitu kwa kina. Alihitaji mada tatu za kusimama nazo, moja ya akiba, na ufahamu wa juujuu wa zilizobaki. Mtihani usio na uchaguzi unabadilisha mpango wote, kwa hiyo usinakili mpango wa rafiki anayesoma kozi nyingine.

Hatua ya tatu: panga mada kwa gharama, si kwa alama peke yake

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Alipopitia pastipepa, maswali matano ya sehemu B yalikuwa yakitoka kwenye mada zilezile: mtawanyiko wa data (varianzi na standadi diviesheni), uwezekano, mgawanyo wa kawaida, upimaji wa haipothesisi, na regresheni. Kila moja alama 20. Kwa macho ya haraka zote ziko sawa, na wenzake walimwambia aanze na haipothesisi kwa kuwa mwalimu aliisisitiza sana mwishoni mwa muhula.

Lakini jiulize: ili niielewe mada hii, lazima nijue nini kabla? Haipothesisi inataka ujue mgawanyo wa kawaida, nao unataka standadi diviesheni. Inataka pia ujue sampuli na kosa sanifu, ambavyo viko kwenye mada ya makadirio. Ni ngazi ndefu. Regresheni ya mstari mmoja kwa kiwango cha utangulizi inataka nini? Wastani, kutoa wastani kwenye kila namba, kuzidisha, kujumlisha na kugawanya. Kwisha. Alama ni 20 kule na 20 huku, ila gharama ya muda ni tofauti kabisa.

Halafu kuna mada ambayo yenyewe ni ngazi ya mada nyingine. Mtawanyiko unaingia kwenye mgawanyo wa kawaida, makadirio na haipothesisi, na ile kazi ya kutoa wastani na kupiga kipeo cha pili ndiyo utakayoikuta tena kwenye regresheni. Hiyo inakwenda namba moja hata kama haikutoka mwaka jana.

Mpango wake ukawa hivi: mtawanyiko saa 4, regresheni saa 4, uwezekano saa 6, mgawanyo wa kawaida saa 4. Jumla 18. Saa 4 za maswali mafupi ya sehemu A, yaani aina za data, majedwali, mediani, modi, na maana ya maneno kama haipothesisi tupu. Saa 3 za mwisho akakaa na pastipepa moja kwa muda kamili, bila kufungua kitu. Haipothesisi kwa kina aliiacha, kwa makusudi, akijua anachoacha. Binafsi naona huo ndio uamuzi mgumu kuliko kusoma kwenyewe.

Hatua ya nne: azima mada, usiazime kaunta buku

Sasa ndiyo uende kwa watu. Usiseme "niazime madesa yako ya takwimu". Sema "naomba mtawanyiko, nakurudishia kesho asubuhi". Ombi dogo halikataliwi kirahisi, nawe huwezi kuficha uvivu nyuma ya bunda la kopi.

Kwa kila mada azima kwa watu wawili wa aina mbili. Wa kwanza ni yule anayeandika kila neno la mwalimu, hata utani. Kwake utapata mifano yote na zile alama za "hii muishike". Wa pili ni yule anayefundisha wenzake kwenye diskasheni. Daftari lake huwa na kurasa chache, lakini hatua za katikati zimo. Anayepata alama za juu si lazima awe na daftari zuri, kwani wengine wanaandika tu wasichokijua, na wewe hujui chochote.

Daftari lenye pengo linajionyesha. Angalia tarehe pembeni, kama zimeruka. Mfano unaanzia katikati, au herufi inatokea bila kuelezwa ni ya nini. Linganisha na mwongozo wa kozi: kijimada kisichokuwepo kwenye madaftari yote mawili pengine hakikufundishwa. Kikiwepo kwenye moja tu, uliza.

Hatua ya tano: pima daftari kwa kalamu

Usinakili daftari la mtu kwa mkono ukadhani umesoma. Chukua mfano wake, funika jibu, ufanye mwenyewe.

Binti alipata mfano uleule kwenye madaftari mawili: ndoo za korosho zilizookotwa na watu wanne, 4, 7, 7 na 10. Wastani ni 7. Tofauti na wastani ni −3, 0, 0 na 3, na zikijumlishwa lazima zitoe sifuri, la sivyo kuna kosa la kunakili. Vipeo vya pili vinajumlika 18. Mpaka hapo madaftari yanakubaliana. Lakini moja linasema standadi diviesheni ni 2.12, jingine 2.45.

Yupi kakosea? Hakuna. Wa kwanza amegawa 18 kwa 4, akapata 4.5, kipeuo chake 2.12. Hiyo ni ya kundi zima. Wa pili amegawa kwa 3, yaani idadi kutoa moja, akapata 6, kipeuo 2.45. Hiyo ni ya sampuli. Tofauti ni maneno ya swali: hao wanne ndio wote, au wamechukuliwa kuwakilisha wengi? Kwenye vikokotoo vingi vya Casio pia utaona `σx` kwa kundi zima na `sx` kwa sampuli. Angeazima daftari moja tu, asingejua kama kuna njia mbili. Madaftari yakigombana, hapo ndipo pa kumpelekea mwalimu swali, na swali la namna hiyo walimu hulijibu kwa moyo.

Ukirudisha daftari, rudisha na kitu: swali la pastipepa ulilolifanya kwa hatua zote. Utaazimwa tena.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwana wa Masasi: Kaka, mimi nimepata madesa ya mwaka jana yamepigwa chapa kabisa, masafi kuliko ya wenzangu. Nisome hayo?

Jibu: Tazama kwanza kama mwalimu ni yuleyule na kama mwongozo haujabadilika. Kisha fungua mada moja na uilinganishe na daftari la mwaka huu. Zikifanana, yatumie kama daftari la pili, kamwe si la kwanza. Herufi na ishara nyingine za fomula hubadilika na mwalimu, na utajikuta unaandika herufi ambazo msahihishaji wako hajazitumia darasani.

Binti Mikindani: Shikamoo kaka. Kozi yangu ni historia, haina ngazi kama takwimu. Napangaje?

Jibu: Marahaba dada. Kweli, huko mada hazibebani sana, kwa hiyo pastipepa ndizo zinazopanga. Ila tahadhari na madesa ya kuazima: mara nyingi ni vichwa vya hoja tu. Mada ya Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, utaazima ukurasa wenye "kilimo cha pamba cha lazima, kodi, ukatili, maji ya Kinjikitile". Mtihani unasema "jadili". Hoja hizo nne kila mtu anazo. Kinachokosekana ni maelezo kwa nini moto uliwaka kwenye vilima vya Umatumbi, na jinsi dawa ya maji ilivyounganisha watu wa makabila tofauti. Huko azima hoja kwa rafiki, lakini maelezo kayatafute kwenye kitabu cha maktaba.

Chuno Geto: Wananitumia picha za madaftari wasapu, nimejaza simu. Sijasoma hata moja.

Jibu: Fungua folda kwa kila mada kufuatana na mpango wako, weka picha za mada hiyo, nyingine ziache kwenye kundi. Na kagua picha usiku huohuo: kona iliyokatwa huwa ndiyo yenye kipeo cha pili.

Mkorosho wa Newala: Kosiweki nina 14 kati ya 40. Nikomae au niahirishe?

Jibu: Uliza kwanza kama chuo chako kina kiwango cha chini cha kosiweki cha kuruhusiwa mtihani, maana vingine vinacho, na hapo hakuna la kujadili. Kama hakina na kufaulu ni 40, unahitaji 26 kati ya 60. Kwa kozi moja inawezekana. Lakini ukiwa na hali hiyo kwenye kozi nne na muda wa mbili tu, nenda ukaulize taratibu za kuahirisha masomo kabla mtihani wa kwanza haujafanyika. Ukishaingia chumbani na kusaini, ombi lako linakuwa gumu zaidi, na sapu nne kwa mpigo zinaweza kukufikisha kwenye kudisko. Kama una mkopo, waulize pia wanaokukopesha kuahirisha kutaugusaje.