Video ya maoni: simamisha klipu, kisha ongea

Ukitengeneza video ya picha ndani ya picha, usiache klipu ya mwenzio icheze mfululizo huku wewe ukicheka pembeni. Onyesha sekunde chache unazozijadili, simamisha, panua uso wako ujae skrini, changanua, ndipo uendelee. Hapo mtazamaji hawezi kuitumia yako badala ya ile ya asili, jambo ambalo mahakama hulipima katika kesi za hakimiliki. Katika kesi ya Hosseinzadeh dhidi ya Klein, Marekani, 2017, dakika 3 na sekunde 15 zilizokatwakatwa ndani ya video ya takriban dakika 14 zilikubaliwa kuwa matumizi ya haki, yaani kutumia kazi ya mwenzio kihalali bila ruhusa yake. Muziki ni balaa: mfumo wa YouTube hunasa sauti bila kupima uchambuzi wako, basi izime sauti hiyo.