Kupanga zamu za dharura kwa timu ya watu watano: makabidhiano na siku za fidia

Mfano ninaoutumia hapa ni timu ya watu watano jijini Dar es Salaam, inayosimamia seva na hifadhidata za mfumo wa malipo unaotakiwa kufanya kazi usiku na mchana. Kila wiki mtu mmoja ni mshika zamu, yaani ndiye anayepigiwa simu kengele ikilia, na mwingine ni msaidizi, ambaye simu humfikia endapo mshika zamu hajaipokea kengele ndani ya dakika 10.

Hatua ya 1: Panga mzunguko

Wape watu herufi A hadi E, kisha msaidizi wa kila wiki awe yule atakayeshika zamu wiki mbili baadaye.

| Wiki | Mshika zamu | Msaidizi |
|---|---|---|
| 1 | A | C |
| 2 | B | D |
| 3 | C | E |
| 4 | D | A |
| 5 | E | B |

Kwa mpangilio huu hakuna anayebeba simu wiki mbili mfululizo, kwani A, kwa mfano, anashika zamu wiki ya 1, anakuwa msaidizi wiki ya 4, na anarudi zamu wiki ya 6. Timu ya watu wanne bado inaweza kuutumia, ingawa kila mmoja atakuwa na simu wiki moja na kupumzika inayofuata. Wakiwa watatu, wiki mbili mfululizo haziepukiki, na hapo ni bora kupunguza saa ambazo mfumo unaahidiwa kuhudumiwa kuliko kuwachosha watu.

Hatua ya 2: Weka saa ya makabidhiano

Ninapendekeza Jumatano saa nne asubuhi. Jumatatu huangukiwa na mabaki ya mwisho wa wiki, na Ijumaa jioni humwingiza mtu zamu wakati wenzake wanaondoka ofisini. Jumatano anayetoka na anayeingia wote wapo kazini, na mpokeaji ana siku mbili na nusu za kuizoea hali kabla ya Jumamosi. Unapoingiza ratiba kwenye programu ya kengele, chagua `Africa/Dar_es_Salaam`, kwa sababu ukiiacha kwenye `UTC` na kuandika 10:00, zamu itabadilika saa saba mchana, na kwa saa tatu nzima simu zitaendelea kumwendea mtu aliyekwisha kukabidhi.

Hatua ya 3: Kabidhi kwa maandishi, kisha kwa mdomo

Dakika 20 zinatosha. Anayetoka aandike mambo matatu: tatizo lililo wazi, kengele iliyozimwa kwa muda, na kazi iliyopangwa kufanyika wiki hiyo. Jambo la pili ndilo linalosahauliwa zaidi, na ndilo lenye madhara makubwa. Maandishi yanayofaa husomeka hivi:

> Diski ya hifadhidata kuu imejaa asilimia 83 na inaongezeka takriban asilimia 2 kwa siku, hivyo itavuka 90 usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili. Kengele yake nimeizima hadi Alhamisi saa sita mchana. Kumbukumbu za zamani zifutwe kabla ya Ijumaa.

Mpokeaji akisha kuyasoma, itumwe kengele ya majaribio, na makabidhiano yahesabike kuwa yamekamilika pale tu simu yake inapolia na yeye kuipokea.

Hatua ya 4: Tenganisha fidia ya kungoja na fidia ya kuamshwa

Aliyemaliza wiki ya zamu apewe siku moja ya mapumziko hata kama simu haikulia, kwa kuwa alilala nayo karibu na hakuweza kusafiri. Siku hiyo iwe Alhamisi inayofuata makabidhiano, na iingizwe kwenye kalenda tangu ratiba inapochapishwa, maana siku ya kuombwa huahirishwa hadi ikapotea. Ikiwa haikuchukuliwa, mhusika asiingie zamu nyingine kabla ya kuipata.

Kuamshwa ni jambo jingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena, na ingawa kazi ya dharura ina msamaha wake, naishauri timu isiuegemee. Mtu aliyerekebisha hifadhidata hadi saa tisa usiku asitarajiwe kazini kabla ya saa tisa alasiri, na katika muda huo msaidizi ndiye apokee kengele. Mapumziko haya yasihesabiwe badala ya malipo ya saa za ziada, ambayo sheria hiyo inayataka yasipungue mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida.

Hatua ya 5: Sikukuu na kubadilishana

Krismasi inajulikana mapema, lakini Idi hungoja mwezi uandame, kwa hiyo weka alama kwenye siku zote mbili zinazowezekana na mpange mtu asiyeisherehekea kwa ridhaa yake, naye apumzishwe kwenye sikukuu yake. Mabadilishano mengine yaruhusiwe kwa hiari ya wawili, mradi yaingizwe kwenye programu ya kengele kabla ya saa kumi jioni ya siku iliyotangulia, kwa sababu makubaliano yaliyobaki kwenye ujumbe wa simu hayabadilishi namba itakayopigwa usiku.