Kuchora kemu ya mfuasi mwenye rola kutoka kwenye jedwali

Tuchukue kemu moja tuifuate hadi mwisho. Rola ya mfuasi ina kipenyo cha milimita 20, na mfuasi anapanda na kushuka kwenye mstari unaopita katikati ya shafti. Duara la msingi lina nusu kipenyo cha milimita 30. Kemu inazunguka kama mshale wa saa: inampandisha mfuasi kutoka nyuzi 0 hadi 120, anatulia hadi 180, anashuka hadi 300, kisha anatulia tena.

Jedwali la kupanda (mm):

```
nyuzi   0    30    60    90    120
kupanda 0    3.5   12    20.5  24
```

Kushuka ni namba hizohizo kwa kurudi nyuma, kuanzia nyuzi 180.

1. Chora duara la msingi, kisha la pili lenye nusu kipenyo cha 40, yaani 30 na 10 za rola. Hapo ndipo kitovu cha rola kinapokaa mfuasi akiwa chini kabisa.

2. Piga miali kila nyuzi 30, lakini uihesabu kinyume na mzunguko wa kemu. Kwenye karatasi kemu imesimama, kwa hiyo ni mfuasi anayeizunguka kwa upande wa pili.

3. Kwenye kila mwali pima kupanda kuanzia duara la 40 kwenda nje. Mwali wa 60 unafika 52 kutoka kitovu cha shafti, wa 120 unafika 64.

4. Kila alama iwe kitovu cha duara dogo la nusu kipenyo 10. Umbo la kemu ni mstari laini unaogusa maduara hayo yote kwa ndani.

Hatua ya nne ndiyo inayowaangusha wengi. Wanaunganisha vitovu, au wanarudi milimita 10 kwenye mwali uleule na kuweka nukta. Rola haigusi kemu juu ya mwali isipokuwa mfuasi akiwa ametulia. Kwenye nyuzi 60, penye mteremko mkali, mguso umesogea pembeni yapata milimita 3. Ukiona mstari wako unakata ndani ya duara lolote dogo, rudia.

Maswali

*Mwalimu, mstari wangu una vigongo kati ya miali. Nimekosea wapi?*
Huenda hujakosea, nukta ni chache tu. Ongeza miali ya nyuzi 15: kwenye 15 weka 0.9, kwenye 45 weka 7.4, kwenye 75 weka 16.6, kwenye 105 weka 23.1.

*Naweza kupunguza duara la msingi ili kemu iwe ndogo?*
Kidogo, ndiyo. Ukizidisha, rola inamsukuma mfuasi kwa ubavu naye anakwama kwenye njia yake ya kupandia. Hapa mshazari wa msukumo kwenye nyuzi 60 ni kama nyuzi 19. Mafundi wengi hawapendi uvuke 30.

*Na kama mfuasi ana ncha kali, hana rola?*
Basi ruka hatua ya nne, na upime kupanda kuanzia duara la msingi lenyewe. Hapo kuunganisha nukta ni sahihi.